Usilipe Ili Uhojiwe

Anayekuomba pesa kabla hajakuhoji hana kazi ya kukupa. Tunaanza na hukumu kwa sababu msomaji mmoja huenda ana ujumbe wa aina hiyo kwenye simu yake sasa hivi, na saa aliyopewa ya kutuma pesa inakaribia. Huyo asisubiri mwisho wa makala. Asitume.

Ujumbe wenyewe huwa hivi. Tumeuandika sisi kwa mfano, lakini yeyote aliyewahi kutafuta kazi Meru au Embu atautambua:

“Hongera. Wasifu wako umepitishwa kwa nafasi ya karani wa stoo, shirika la misaada, tawi la Meru. Mshahara 38,500 kwa mwezi pamoja na bima. Mahojiano ni kesho saa mbili asubuhi. Tuma 850 za kufungua faili kwa nambari hii kabla ya saa kumi leo, jina lako lisiondolewe. Pesa zitarudishwa na mshahara wa kwanza.”

Kijana anayeupokea hakumbuki kuomba kazi hiyo. Lakini ameomba nyingi. Ameacha karatasi zake kwenye maduka ya Makutano, amezichapisha kwenye saiba mjini Embu na faili ikabaki kwenye kompyuta ya wenyewe, ametuma nakala kwenye makundi ya WhatsApp ya watafutaji kazi yenye mamia ya watu asiowajua. Juu ya karatasi hiyo kuna jina lake kamili, nambari ya simu, nambari ya kitambulisho na shule alizosoma. Kwa hiyo mtu anapompigia na kumtaja kwa majina yote matatu na kumwambia alisomea Nchiru au Kangaru, anaona huyu ananijua. Hamjui. Amesoma karatasi.

Tazama kile ambacho ujumbe hausemi. Shirika halina jina. Hakuna tangazo la kazi la kurejelea, hakuna mtaa wala jengo, hakuna jina la mtu atakayehoji. Vilivyotajwa kwa ukamilifu ni vitatu tu: kiasi, nambari ya kutumia na saa ya mwisho. Mwajiri wa kweli hufanya kinyume chake, kwani yeye anataka ujue utakakokwenda na utakayeonana naye.

Kiasi nacho kimepimwa. Shilingi 850 ni pesa ambazo mama anaweza kukopa kwa jirani au kuzitoa kwenye mauzo ya ndizi pale Gakoromone bila kuitisha kikao cha ukoo. Ni kidogo kiasi kwamba zikipotea, watu wengi wataona aibu na usumbufu wa kwenda kituo cha polisi ni mzigo mkubwa kuliko uchungu wa hasara. Tapeli akizipata kwa watu 20 kwa siku ameingiza 17,000, na hajawaibia wote kiasi kitakachomfanya mmoja wao apande matatu kumtafuta.

Lakini 850 si mwisho. Ni kipimo cha kujua nani hutuma. Aliyetuma mchana hupigiwa jioni: faili imefunguliwa, sasa imebaki ada ya kupimwa afya, 1,550, daktari yuko ofisini hadi saa moja. Akituma hizo, asubuhi anaambiwa cheti chake cha tabia njema hakijaonekana kwenye mfumo, kwa hiyo atume 2,300 atengenezewe cha haraka. Jumla imefika 4,700 na hajaona uso wa mtu. Kinachomsukuma kutuma mara ya tatu ni zile mbili za kwanza, maana akikataa sasa anakiri kwamba amezitupa. Tapeli analijua hilo vizuri kuliko yeye.

Simama hapo kwenye cheti cha tabia njema, kwa sababu hapo uongo unashikika kwa mkono. Cheti hicho hutolewa na Idara ya Upelelezi wa Jinai, DCI. Unaomba mwenyewe kwenye eCitizen, unalipa kupitia Paybill ya serikali ambayo ni 222222, kisha unakwenda na fomu kuchukuliwa alama za vidole, kwa mfano kwenye Huduma Centre. Meru iko na Embu iko. Vidole ni vyako. Hakuna wakala anayeweza kukuombea cheti hicho kihalali ukiwa umekaa nyumbani Runyenjes na yeye yuko mahali usipopajua. Mtu akikuambia tuma pesa nikutengenezee cha haraka, ama anakudanganya kwamba atakitengeneza, ama atakutengenezea cha kughushi. Yote mawili ni jinai, na cha pili kitakutia ndani wewe pamoja naye.

Sheria imekwenda mbele zaidi. Marekebisho ya Sheria ya Ajira ya mwaka 2022 yanamkataza mwajiri kumdai mtafutaji kazi vyeti vya uidhinishaji kabla hajakusudia kuingia naye mkataba wa kazi. Wabunge walipitisha hayo kwa sababu vijana walikuwa wanalipia rundo la vyeti ili tu kuomba nafasi ambazo hawakuzipata. Kwa hiyo hata mwajiri halali haruhusiwi kukuagiza vyeti hivyo kama tiketi ya kuingia kwenye mahojiano. Sembuse mtu wa simu.

Sasa jibu. Wapo wanaosema usijibu kabisa, funga nambari uendelee na shughuli zako. Ni ushauri mzuri kwa asiye na shaka. Tatizo ni kwamba mwenye shida ya kazi ana shaka, na shaka hiyo humrudisha kwenye ujumbe mara kumi kabla ya saa kumi jioni. Je, kama ni kweli? Kwake yeye tunapendekeza ajibu mara moja, kwa adabu, kwa maandishi, na maswali ambayo mtu mkweli anayamaliza kwa dakika mbili:

“Habari yako. Asante kwa ujumbe. Sikumbuki kuomba nafasi hii. Tafadhali niambie jina kamili la mwajiri, tangazo la kazi lilitolewa wapi, na nambari yangu umeipata wapi. Kama wewe ni wakala wa ajira, nitumie jina lililosajiliwa na nambari ya cheti chako cha Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Nitafika kwenye mahojiano mwenyewe, nielekeze jengo na ofisi. Silipi ada yoyote kabla ya mahojiano.”

Basi. Hakuna matusi, hakuna vitisho vya kumpeleka kortini, hakuna kumwambia umemjua. Kumtukana tapeli kunampa nafasi ya kukujibu, na majibu yake ndiyo ufundi wake. Pia usimwambie huna pesa. Ukisema huna, atapunguza kutoka 850 hadi 400, na utajikuta mnajadiliana bei ya kitu ambacho hakipo.

Swali la nambari umeipata wapi si la ukaidi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakupa haki ya kujua taarifa zako zinatumiwaje, na ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data inapokea malalamiko. Wakala mwenye ofisi atajibu: uliacha karatasi zako kwetu mwezi fulani, au tulikupata kupitia chuo fulani. Jibu hilo unaweza kulipima. Tapeli atasema “kwenye mfumo.” Mfumo gani? Hapo hukata simu.

Majibu mengine ya matapeli yanajirudia mno. La kwanza ni haraka: wenzako wameshatuma, umebaki wewe. La pili ni hasira: kama huna haja na kazi sema tuite mwingine. La tatu ni huruma, na ndilo linalowaangusha wengi katika kaunti hizi mbili, kwa sababu mtu huyo ataingiza neno la Kimeru au la Kiembu, aseme naye ni wa nyumbani, anataka tu kusaidia kijana wa kwetu kabla nafasi hazijachukuliwa na watu wa mbali. Lugha ya mama si kitambulisho.

Kuna jambo moja la kutazama hata kwa aliyekwisha kuingiza nambari kwenye simu. Kabla ya pesa kuondoka, M-Pesa humwonyesha mtumaji jina la mwenye laini. Soma jina hilo. Kama umeambiwa unalipa shirika na skrini inaonyesha jina la mtu binafsi, unampa mtu binafsi. Maelezo yatakuwepo: huyo ni mhasibu wetu, huyo ni dereva wa bosi. Taasisi inayoajiri kwa mishahara ya 38,500 haikusanyi pesa zake kwenye laini ya dereva. Na hata likija jina la kampuni kwenye nambari ya malipo, hilo halithibitishi kazi. Linaonyesha tu kwamba kuna mtu amesajili nambari ya kupokea pesa.

Vipi kuhusu mawakala halali? Wapo, na tusiwatie wote kwenye kapu moja. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2007 inamtaka kila wakala binafsi wa ajira asajiliwe, na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, ndiyo inayosimamia usajili huo. Orodha ya waliosajiliwa iko kwenye tovuti ya neaims.go.ke, na kuitazama ni bure. Asiye na bando anaweza kwenda ofisi ya kazi ya kaunti aulize.

Lakini orodha hiyo ina kikomo chake, na lazima tukiseme. Tapeli naye anaisoma. Anaweza kuchukua jina la wakala halali wa Nairobi, akalibandika kwenye ujumbe wake, akakutumia hata picha ya cheti cha wenyewe. Ukiangalia orodha utalikuta jina, utatulia, utatuma. Kwa hiyo kulikuta jina ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kutafuta wewe mwenyewe nambari ya ofisi ya wakala huyo, mahali pengine mbali na ujumbe uliotumiwa, upige na kuuliza: je, mmemwita mtu mahojiano Meru kesho, na hii nambari inayodai 850 ni yenu? Simu moja ya shilingi chache inamaliza habari yote.

Kwa kazi za ng’ambo mambo yana utata kidogo, kwa sababu kuna gharama za kweli: pasipoti, vipimo vya afya, hicho cheti cha tabia njema. Tofauti iko katika nani anapokea pesa na lini. Pasipoti inalipiwa serikalini kupitia eCitizen. Vipimo vinalipiwa hospitalini, ukapewa risiti ya hospitali. Na yote hayo huja baada ya kuwepo mwajiri mwenye jina na mkataba wa kusoma. Kanuni ya kimataifa inajulikana tangu 1997, kwenye kifungu cha 7 cha mkataba nambari 181 wa Shirika la Kazi Duniani: wakala wa ajira hamtozi mfanyakazi ada, wala waziwazi wala kwa kuzunguka, isipokuwa kwa vighairi vilivyotangazwa rasmi na nchi husika. Anayelipa ni mwajiri, kwa kuwa yeye ndiye anayetafutiwa mtu. Anayekudai ada ya kufungua faili kwa kazi ya Doha hata kabla hujajua utafanya nini hayuko kwenye kighairi chochote.

Tuseme sasa lile ambalo watu hulikwepa. Utapeli huu hauishi kwa ujinga wa vijana wetu. Wengi wanaotuma wamesoma hadi chuo kikuu. Unaishi kwa imani iliyoenea kwamba katika nchi hii kazi hununuliwa. Mzazi wa Nkubu au Siakago amewaona watu wakiingia kazini kwa kujuana na kwa kitu kidogo. Kila msimu wa kuandikisha wanajeshi, Jeshi la Ulinzi hutangaza kwamba uandikishaji ni bure, na bado wapo watu wanaofika na barua bandia walizouziwa, wakaishia mikononi mwa polisi. Kwa mzazi huyo, kuombwa pesa ndiko kunakofanya ahadi ionekane ya kweli. Angeambiwa kazi ni bure, ndipo angetilia shaka.

Ndiyo maana bonasi ya chai ikitoka, kutoka Githongo hadi Mungania, kuna wazazi ambao kipato cha mwaka mzima wa kuchuma kinawekwa kando “kumtafutia kijana nafasi.” Tunawaomba waelewe kitu kimoja. Ada ya faili ikiwa ni ya uongo, wameibiwa. Na kama kweli pesa hizo zinakwenda kwa afisa fulani ili kijana aruke foleni, basi wamejiingiza kwenye rushwa, na Sheria ya Rushwa ya mwaka 2016 inamshika mtoaji sawasawa na mpokeaji. Hakuna hali ya tatu ambamo malipo hayo ni salama. Tapeli anafurahia utata huu, kwa sababu mtu anayedhani ametoa hongo hathubutu kwenda kuripoti.

Aripoti. Aliyetuma ada aliyoambiwa ni ya usajili ni mlalamishi, si mshukiwa. Kujipatia mali kwa ulaghai ni kosa chini ya kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu, adhabu yake ni hadi miaka mitatu gerezani, na kifungu hakisemi kosa linaanzia shilingi ngapi. 850 zinatosha.

Kama umetuma dakika chache zilizopita, usipoteze muda kumpigia aliyekuibia. Peleka ujumbe mzima wa M-Pesa wa muamala huo kwa 456 kuomba urejeshwe. Jambo hili ni la mbio: pesa zikiwa bado kwenye laini ya aliyepokea, kuna uwezekano wa kuzuiwa, lakini akishazitoa kwa wakala wa M-Pesa hakuna cha kurejesha, na matapeli hutoa mara moja. Nambari iliyokutumia ujumbe wa ulaghai iripoti Safaricom kupitia 333. Kisha nenda kituo cha polisi ukiwa na simu yenyewe, ujumbe wote haujafutwa, uandikishe na upewe nambari ya OB. Idara ya upelelezi ina laini isiyolipishwa, 0800 722 203, kwa anayeogopa kaunta ya kituo.

Na siku mbili baadaye akikupigia mtu mwingine, sauti nyingine, akisema yeye ni afisa anayerudisha pesa za waliotapeliwa na anahitaji 500 za kushughulikia, ujue ni genge lile lile. Orodha ya waliotuma mara moja ndiyo mali yao kubwa.

Kuna hasara nyingine isiyoonekana kwenye salio. Wengi huombwa pia picha ya kitambulisho, mbele na nyuma, “kwa ajili ya faili.” Usitume. Kitambulisho chako mikononi mwa mtu huyo kinaweza kutumiwa kusajili laini nyingine, na ulaghai wa mwezi ujao ukafanywa kwa jina lako. Kama umeshatuma, piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na ukikuta usiyoijua nenda kwa kampuni ya simu iifute. Vyeti halisi vya shule navyo visiachwe kwa mtu yeyote. Mwajiri huviangalia akakurudishia pale pale.

Sasa tunageukia wenye ofisi. Polisi wa Meru na Embu wakubali kuandikisha malalamiko ya 850 bila kumcheka mlalamishi na bila kumwambia aende akajifunze. Mtu mmoja aliyepoteza 850 haonekani kuwa na kesi, lakini watu 40 walioandikisha nambari ile ile ya simu katika vituo vya Maua, Nkubu, Runyenjes na Siakago ni kesi nzito, na hakuna atakayeiona kesi hiyo ikiwa kila kituo kinawafukuza wa kwake mlangoni. Laini za simu zimesajiliwa, muamala una jina na saa. Ushahidi unaotafutwa kwa shida katika makosa mengine hapa uko kwenye simu ya mlalamishi.

Ofisi za kazi za kaunti nazo zisingoje kijana awafuate. Zichapishe orodha ya mawakala waliosajiliwa, karatasi moja tu, zibandike kwenye vyuo, kwenye Huduma Centre na kwenye saiba, pale pale watu wanapochapisha karatasi zao za kuomba kazi. Ibadilishwe kila cheti kinapoisha muda. Na wenye saiba wafute faili za wateja jioni kabla ya kufunga.

Kwa kijana aliye na ujumbe huo sasa hivi: nakili jibu tulilokuandikia, litume mara moja, kisha subiri jina la mwajiri na jengo la ofisi. Visipokuja, funga nambari hiyo. 850 zako zitakulipia nauli ya kupeleka barua yako kwa waajiri wanaojulikana walipo.